Kutoka "nilidhani" hadi "nikajua": tiba ya mentalaizesheni kwa mgonjwa anayejikata

Mgonjwa anafika kliniki Jumatatu akiwa na mikato mitano kwenye mkono wa kushoto. Imesafishwa, imefungwa bendeji. Ni mara ya tatu mwaka huu, na wodini kuna aliyeshasema, si kwa ubaya, "huyu anatafuta kiki." Unamuuliza kwa nini amejikata, anajibu "sijui", au "kwa sababu hanipendi." Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili hayakufikishi popote. Tiba ya mentalaizesheni, ambayo vitabuni utaikuta kama MBT, inaanzia hapo.

Mentalaizesheni ni uwezo wa kuona kwamba nyuma ya tendo la mtu, wewe mwenyewe ukiwemo, kuna nia, hisia au wazo, na kwamba hilo usiloliona unalikisia tu. Wahenga walisema moyo wa mtu ni msitu. Aliye na uwezo huu anajua anaukisia msitu, na kwamba huenda amekosea. Sisi sote huupoteza tukipandwa na hasira, hofu au aibu. Tofauti ya wagonjwa wenye haiba isiyo thabiti, wale ambao mapenzi na urafiki wao hupanda na kushuka kama homa, ni kwamba wao huupoteza haraka zaidi, hasa mbele ya mtu wanayempenda, na huchelewa kuurudisha. Anthony Bateman na Peter Fonagy waliijenga tiba hii London kwa ajili yao.

Nieleze kwa kisa. Nimekitunga kutokana na wengi, na mwenyewe tumwite Neema: miaka 23, anasuka saluni Majengo, Dodoma, mpenzi wake anaendesha bajaji. Ijumaa alipika wali na kuku, jamaa akiwa ameahidi kufika saa moja usiku. Saa moja na nusu alituma ujumbe, tiki zikageuka bluu, jibu halikuja. Akapiga simu mara sita. Saa mbili simu ikawa imezimwa. Saa mbili na nusu alijikata, akapiga picha, akaituma. Saa tatu jamaa akawa mlangoni.

Tabibu wa tiba hii haanzi na wembe. Anarudisha mkanda nyuma hadi mahali ambapo akili ya mgonjwa bado ilikuwa inafanya kazi, kisha anausogeza mbele polepole.

"Neema, turudi kidogo. Wakati unabandika wali, ulikuwaje?"

"Nilikuwa sawa tu, daktari. Nacheka na dada wa jirani."

"Ilipofika saa moja na hajaja?"

"Nilidhani bajaji imeharibika, au kapata abiria wa Ihumwa."

Simama hapo. Ana makisio mawili, na yote yanaweza kuwa na makosa. Saa moja kamili Neema alikuwa mzima.

"Halafu tiki zikawa bluu."

"Hapo nikajua."

"Ukajua nini?"

"Kwamba yuko na mwanamke mwingine, wanasoma meseji zangu wananicheka."

Sikiliza vitenzi. "Nilidhani" imekuwa "nikajua." Hakuna jambo jipya lililoingia isipokuwa rangi ya tiki, lakini makisio yamekwisha na kilichomo kichwani kimekuwa ndicho kilichoko duniani. Kwa uzoefu wangu, hiki ndicho kipimo chepesi kuliko vyote, na Kiswahili kinakutolea bure. Ukilisikia neno "najua" likitajwa kuhusu moyo wa mtu mwingine, umefika penye ufa.

Kosa la kawaida ni kubishana: "Huenda simu iliisha chaji." Hata kama una haki, umemwacha peke yake na anachokihisi. Kwanza mthibitishie hisia yenyewe, kwamba mtu anayeamini anachekwa ni lazima aumie. Kisha tafuta hisia iliyokaa kati ya tiki na wembe, kwa sababu hiyo ndiyo iliyorukwa. Neema alisema alipata ganzi, mikono ikawa kama si yake. Tabibu akasema: "Mimi ningebaki na sufuria ya chakula cha watu wawili, nadhani ningeona aibu. Lakini huyo ni mimi, sijui wewe." Neema akakaa kimya, kisha akasema, "Yule dada wa jirani aliniona nanunua kuku." Basi ni aibu, na shahidi wa aibu yuko ng'ambo ya ukuta. Hilo usingelipata kwa kuuliza "kwa nini".

Kuna jambo la pili kwenye kisa hiki. Jamaa alikuja. Mtu akipotewa na uwezo wa kukisia nia, anabaki kuamini tendo peke yake: maneno "nakupenda" hayana uzito, ila kupanda bajaji usiku ndiko uthibitisho. Na kujikata kunakuwa tendo la kumfanya mwingine auone uchungu ambao maneno hayakuufikisha. Wanaosema "kiki" wanaona sehemu hii, ila wanaisoma kama hila. Tukisema "ulitaka kumtisha", tumefanya kosa lile lile la Neema: tumejua.

Huku "kujua" hutokea pia ndani ya chumba cha tiba. Katikati ya mazungumzo tabibu alitupia jicho saa ya ukutani, Neema akanyamaza, kisha: "Na wewe umenichoka." Usikimbilie kukana, wala usianze kumweleza kuhusu utoto wake. Sema sehemu yako: "Kweli nimeangalia saa, samahani. Nilikuwa nawaza foleni ya nje. Wewe ulipoona, kilikupitia nini?" Mara nyingi dakika tano hizo huzaa kuliko saa nzima ya kumjadili mwenye bajaji.

Mipaka ipo. Anayetetemeka na kulia usimwulize mwenzake alikuwa anawaza nini. Sentensi fupi, maji, muda, kwanza atulie. Kinyume chake, anayeeleza "majeraha ya utotoni" kwa ufasaha bila uso kubadilika, anaelea. Huyo mrudishe kwenye Ijumaa, saa moja na nusu. Na kila mara kidonda kwanza, kisha uliza waziwazi kama alitaka kufa. Usitegemee atasema mwenyewe, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na wengi hukwambia kisu kiliteleza wakikata mchicha.

Kwa ukamilifu wake tiba hii ni kikao cha mtu mmoja na cha kikundi kila wiki, kwa miezi 18 hivi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009, lenye wagonjwa 134, liliilinganisha na huduma iliyopangwa vizuri isiyo na mentalaizesheni. Makundi yote mawili yalipata nafuu, la mentalaizesheni likapata zaidi. Kwa mgonjwa anayetoka Kondoa au Mpwapwa, nauli ya kila wiki ni mlima. Ninachokifanya ni kushika kikao cha peke yake kila baada ya wiki mbili, nikijua hiyo si tiba kamili iliyopimwa.

Kabla hajaondoka tunaandika karatasi ya dharura, kwa maneno yake. Ya Neema ilikuwa na mistari minne: nikisema "najua" kabla hajajibu, ni dalili, simu naiweka kwa dada wa jirani nusu saa, nakula chakula changu, ikizidi, napiga kliniki kabla sijashika wembe. Mstari wa pili aliutaka mwenyewe. Niliuliza kama haoni aibu kwa dada yule, akasema ndiyo, anaona, ndiyo maana.