Betri Iliyokufa Bado Ina Kilo Tisa za Risasi

Hamjambo wanaklabu. Mezani nimeweka vitu vitatu: karai la maji, kipande cha plastiki kilichotoka kwenye kasha la betri ya gari, na chubwi la mvuvi. Tutavihitaji baadaye kidogo. Wiki iliyopita niliwaomba mniandikie mnachojua kuhusu betri zilizokufa. Karatasi zenu nimezisoma zote. Majina sitaji, ila kuna mambo yaliyojirudia, na hayo ndiyo nitakayojibu leo.

"Betri ikifa, kilichokuwa ndani kimekwisha."

Kimekwenda wapi? Betri si tangi la petroli. Chukueni betri ya gari dogo, ya kilo 15 hivi. Ipimeni ikiwa mpya, kisha ipimeni siku fundi anapoing'oa: uzito ni karibu uleule. Risasi peke yake ni takriban asilimia 60, yaani kilo 9. Maji ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki na maji, ni kama kilo 4. Kasha la plastiki ni kilo moja hivi.

Kilichobadilika ni umbo. Betri inapotoa umeme, hiki ndicho kinachotokea:

Pb + PbO2 + 2H2SO4 → 2PbSO4 + 2H2O

Ukiichaji, kila kitu hurudi kilikotoka. Lakini ikiachwa muda mrefu bila chaji, ile salfeti ya risasi huganda ikawa fuwele kubwa, ngumu, zisizokubali tena kurudi. Nyavu za risasi zilizoshika rojo, yaani ule mchanganyiko wa kemikali za risasi unaotoa umeme, nazo huliwa pole pole. Gari likigoma asubuhi fundi husema betri imekufa, na yuko sahihi, ila kilo 9 bado zimo ndani. Na risasi ni elementi: iyeyushe mara kumi, itabaki risasi.

"Kwetu betri hazitupwi, kwa hiyo tayari tunazirejeleza."

Aliyeandika hivi ana macho mazuri. Kweli, ni nadra kuona betri ya gari jalalani, maana muuza skrepa atakuwa ameshaipitia na mzani wake. Kukusanya tunajua. Shida ni kinachofuata.

Kiwanda kinachofanya kazi vizuri hupokea betri ikiwa na maji yake. Mashine huivunjavunja ndani ya chumba kilichofungwa, kisha vipande vyote huingia kwenye tangi la maji. Sasa tazameni karai. Natia plastiki: inaelea. Natia chubwi, ambalo ni risasi: limezama kabla sijautoa mkono. (Nitanawa kwa sabuni kabla ya kugusa chai, na nyinyi mkilishika mtanawa.) Tangi la kiwandani hufanya hivyohivyo. Plastiki huenguliwa juu, ikaoshwa na kuyeyushwa iwe makasha mapya. Chini hubaki risasi ya nyavu na lile rojo.

Rojo ndilo lenye kazi. Huchanganywa na kabonati ya sodiamu, kemikali ileile inayotoka Ziwa Magadi, ili salfa iondoke kabla ya moto. Kinachopatikana pembeni ni salfeti ya sodiamu, inayouzwa kwa watengenezaji wa sabuni ya unga na vioo. Kisha rojo huingia tanurini pamoja na kaboni, kwenye joto la nyuzi 1,000 hivi, ndipo risasi inapojitenga. Vumbi na moshi hupitishwa kwenye mifuko ya kuchuja, na vumbi lililonaswa hurudishwa tanurini kwa sababu nalo ni risasi.

Linganisheni na shoka, sufuria na makaa nyuma ya nyumba. Risasi ya nyavu huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, kwa hiyo mtu huiona inang'aa sufuriani akadhani amemaliza. Lakini karibu nusu ya risasi imo kwenye rojo, na rojo haliyeyuki kwa joto hilo. Hukwanguliwa likatupwa kama majivu, uani, mahali watoto wanapocheza. Hapo ameshachafua na hasara ameipata.

Wakazi wa Owino Uhuru, hapa Mombasa pande za Mikindani, wanalijua hili kuliko kitabu chochote. Kwao kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, chenye bomba la moshi na lango. Kwa hiyo msidhani kuta peke yake zinatosha. Moshi na maji machafu viliingia mtaani. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo, aligundua kwamba mtoto wake mdogo ana risasi mwilini, akaanza kupigana. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikatengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha tuzo hiyo.

Mtoto huumia zaidi kwa sababu utumbo wake hufyonza risasi mara nne au tano kuliko wa mtu mzima. Mwili huidhani kalisiamu, ukaihifadhi mifupani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

"Ukishamwaga maji ya betri, hatari imeisha."

Hapana. Maji hayo yamebeba chembe za risasi pamoja na asidi. Ukiyamwaga shimoni umeipanda risasi kwenye udongo, na haioti wala haiozi. Mnunuzi akikwambia "mwaga kwanza, silipii maji," basi umeshajua betri yako inaelekea wapi.

"Cha thamani kwenye betri ya simu ni lithiamu."

Jina limewapumbaza. Betri nyingi za simu hutumia LiCoO2. Pigeni hesabu ya uzito: lithiamu 7, kobalti 59, oksijeni 32, jumla 98. Kobalti ni asilimia 60, lithiamu 7 tu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, Lualaba na Katanga ya Juu, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Mrejelezaji husaga betri zilizomalizwa chaji akapata unga mweusi, karatasi nyembamba za shaba na za alumini. Unga huyeyushwa kwa asidi ili kobalti na nikeli zitolewe. Akitumia tanuru badala ya asidi, lithiamu nyingi hupotelea kwenye takataka ya tanuru.

Nisiwafiche: si kila betri inajilipa. Betri za LiFePO4, zilizo kwenye sola nyingi na baadhi ya bodaboda za umeme, hazina kobalti wala nikeli. Betri za tochi zina zinki na manganizi, vitu vya bei ya chini. Hizo mtu hazichukui kwa faida. Lazima kuwe na wa kulipia gharama.

Sasa sanduku letu la maabara, la kukusanyia betri zilizokufa. Kila betri ya lithiamu bandikeni selotepu kwenye ncha zake kabla ya kuitia, kwa sababu ncha zikigusana na chuma zinaweza kuwaka. Msitoboe, msikunje. Ya gari isiletwe shuleni, ibaki wima, na maji yake ndani. Na ile ya simu iliyovimba, iliyoletwa jana na kidato cha pili, haimo sandukuni. Iko nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na madirisha. Msiiguse.