«Sikununua» na «sikupata mzigo» si neno moja

Tarehe 2 Julai, mama mmoja muuza vitenge alikuja kwenye meza yangu ya malalamiko ya kadi, kwenye banki yake hapa Lubumbashi, na releve ya konti yake iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amezungushia kalamu nyekundu mistari mitatu. Dola 189.40 na dola 214.00, zote za 14 Machi, kwenye maduka mawili ya mtandaoni asiyoyajua. Mstari wa tatu ni dola 9.99 za huduma ya filamu.

«Papa, hizi zote sikufanya. Andika zote.»

Nilimwomba tuanze na mstari wa tatu, kwa sababu ndio ulionitia shaka. Mwizi aliyepata namba ya kadi hununua simu. Hakai analipia filamu mwezi kwa mwezi. Tulipofungua releve za nyuma, dola 9.99 zilikuwepo tangu Agosti ya mwaka uliopita, kila mwezi tarehe ileile. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Ni mtoto wangu. Nilimupa kadi aweke, nikasahau.»

Basi hapo ndipo kazi yangu ilipo. Madai ya kadi hayana sanduku moja la «nirudishieni pesa». Visa, mtandao wa kadi yake, imeyagawa kwa namba za sababu. Malipo ya mtandaoni ambayo mwenye kadi hakuyafanya huingia kwenye 10.4. Mzigo uliolipiwa usifike ni 13.1. Huduma ya kila mwezi uliyoikatisha ikaendelea kukukata ni 13.2. Banki huchagua namba kutokana na maneno yako, na duka litajibu namba hiyo tu. Ukisema «sikununua» kumbe ulinunua na mzigo ukapotea, duka litaonyesha barua pepe zako na utashindwa, hata kama mzigo kweli haukufika.

Kwa zile dola 9.99 hali ingekuwa mbaya zaidi. Tangu Aprili 2023 Visa inaruhusu duka kujitetea kwa kuonyesha malipo mawili ya zamani ya kadi hiyohiyo, ya siku 120 hadi 365 nyuma, ambayo hukuyapinga, na yanayofanana na haya kwa alama kama anwani ya IP, kifaa, au jina la kuingilia. Simu ya mtoto ni ileile tangu Agosti. Wangeshinda bila jasho. Na mama angekuwa ametia saini karatasi inayosema uongo, karatasi hiyohiyo tunayoitegemea kwa zile dola 189.40 na 214. Nilimpa fomu mpya, akaandika mistari miwili.

Sasa siku. Muda wa chajibeki, yaani banki yako kuyarudisha malipo kwa nguvu kupitia mtandao wa kadi, ni siku 120 kwa wizi wa aina hii. Wengi huhesabu tangu siku ya manunuzi, lakini saa huanza siku malipo yalipochakatwa, yaani duka lilipoyapeleka kudai pesa. Dola 189.40 zilichakatwa 16 Machi, kwa hiyo mwisho wake ni 14 Julai. Dola 214 zilichelewa hadi 19 Machi, nazo mwisho ni 17 Julai. Tulikuwa na siku 12 kwa moja na 15 kwa nyingine. Hiyo si nafasi kubwa, maana muda huo ni wa banki kutuma, si wa wewe kufika gishe. Soma pia mkataba wa kadi yako: banki inaweza kukuwekea muda mfupi zaidi wa kuleta malalamiko, na huo ndio utakaokufunga kwanza.

Kulikuwa na kitu kingine kwenye simu yake: SMS ya 9 Machi ya dola 1.00, ambayo haikuonekana kabisa kwenye releve. Hiyo ilikuwa idhini tu, mwizi akijaribu kama kadi ni hai, na haikudaiwa kamwe. Huwezi kupinga kitu ambacho hakikuchakatwa. Lakini nilimwomba aihifadhi SMS hiyo, kwa sababu inatuambia namba ilikuwa imevuja siku tano kabla.

Kisha nilimwambia jambo lililomuudhi: kadi lazima ife. Kabla ya kutuma dai la 10.4, banki inatakiwa kuripoti wizi kwa Visa na kuifunga namba hiyo. «Na mzigo wangu nitaulipa na nini?» Kwa kadi mpya, mama. Mtu anayesema kadi yake imeibwa huku akiendelea kuitumia anajipinga mwenyewe.

Upande wetu, kitu cha kwanza tunachokitazama kwenye skrini ni kama malipo yalithibitishwa kwa kodi, ile namba inayotumwa kwa SMS. Sehemu inayoitwa ECI ikionyesha 05, mwenye kadi alithibitishwa na duka limelindwa. Mlango wa 10.4 umefungwa, na suala linabaki kati yako na banki yako. Hapo ndipo wanapoangukia wale waliopigiwa simu na «mtu wa banki» wakamsomea kodi. Malipo ya mama yalikuwa na 07. Hakuna kodi iliyotumwa, hakuna aliyeisoma. Kwa pesa zilizotolewa kwenye mashine kwa chipu na namba ya siri, usitegemee njia hii.

Watu huniletea karatasi ya polisi wakidhani ndiyo silaha. Banki yako inaweza kuiomba, sawa, ila duka la ng'ambo haiwasumbui. Kinachobeba dai ni maelezo yako yaliyotiwa saini, yanayotaja kila malipo kwa tarehe na kiasi, na kusema wazi kwamba wewe hukufanya wala hukumpa mtu ruhusa. Na angalia saa. Ikiwa banki inachapa saa za Kinshasa, sisi huku tuko saa moja mbele. Nimeona mtu akiandika «saa hiyo nilikuwa ibadani» kumbe amekosea kwa saa nzima.

Tulituma 3 Julai. Duka la kwanza lilikaa kimya hadi siku zake 30 za kujibu zikaisha. La pili lilijibu kwa risiti ya usafirishaji: simu moja, imepokelewa katika nchi ambayo mama hajawahi kukanyaga, kwa jina lisilo lake. Risiti inathibitisha kwamba mzigo ulifika kwa mtu fulani. Haithibitishi kwamba ulifika kwake. Tuliikataa, na duka lingeweza kwenda kwenye usuluhishi wa Visa, ambako anayeshindwa hulipa gharama zinazozidi dola 214. Halikwenda.

Pesa zote mbili zilirudi, na mama alirudi pia, mwezi uliofuata, amekasirika. Dola 9.99 zilikuwa zimekatwa kwenye kadi mpya.

«Namba ni mpya, Papa. Wameipata wapi?»

Kwetu. Banki inayoshiriki huduma ya Visa ya kusasisha kadi hupeleka namba mpya kwa maduka yenye malipo ya kila mwezi, ili yasikatike. Kufunga kadi hakukatishi usajili. Nilimwambia amwite mtoto, aingie kwenye huduma yenyewe, akatishe, na anitumie picha ya barua pepe ya uthibitisho yenye tarehe. Wakikata tena baada ya tarehe hiyo, ndipo tutaandika fomu, safari hii ya 13.2.