Vitamini C, zinki na vitamini D kwa mafua: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukianza kupiga chafya, vitamini C kwa wingi itakata mafua.

Ukweli: Dhana hii ilienea sana baada ya mwaka 1970, pale mwanakemia Linus Pauling alipoipigia debe, lakini majaribio hayakuiunga mkono. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio yaliyowalinganisha watu waliopewa vitamini C na wengine waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliosubiri hadi dalili zianze ndipo wakameza hawakupata nafuu ya kuaminika. Waliomeza kila siku, wawe wanaumwa au la, waliugua mara zilezile kama wenzao, ila muda wa kuugua ulipungua kwa takriban asilimia 8 kwa watu wazima na asilimia 14 kwa watoto.

Tuchukue mtu mzima ambaye mafua yake hudumu siku saba na humpata mara tatu kwa mwaka. Kwa kumeza kidonge kila siku mwaka mzima, kila mafua yatafupika kwa nusu siku hivi, yaani ataokoa siku moja na nusu katika siku 365 za kununua vidonge. Kwa maoni yangu, biashara hiyo hailipi. Walionufaika kweli ni wakimbiaji wa marathoni, watelezaji wa thelujini na askari waliofanya mazoezi kwenye baridi kali, ambao uwezekano wao wa kupata mafua ulipungua kwa karibu nusu.

Dhana: Zinki ni zinki, ya aina yoyote.

Ukweli: Kidonge cha miligramu 20 kinachoyeyushwa majini, ambacho kliniki zetu huwapa watoto wanaoharisha pamoja na ORS, kina kazi yake iliyothibitishwa, nayo si kutibu mafua. Majaribio mengi ya mafua yalitumia vidonge vya kumung'unya, vinavyoyeyuka polepole mdomoni na kuanzwa mara dalili zinapojitokeza. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2024 yaliona kwamba zinki huenda ikafupisha mafua kwa siku mbili hivi, lakini ushahidi huo ni dhaifu, kwa kuwa viwango na aina za zinki zilitofautiana mno. Katika kuzuia mafua, haikuonyesha faida ya maana. Wengi walilalamikia kichefuchefu na ladha mbaya mdomoni. Zinki ya kupaka au kupuliza puani iepukwe kabisa: mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watumiaji kupoteza uwezo wa kunusa.

Dhana: Vitamini D ni kinga kwa kila mtu.

Ukweli: Uchambuzi wa mwaka 2017 uliona kinga ndogo, hasa kwa wenye upungufu mkubwa waliomeza dozi ndogo kila siku au kila wiki, dozi kubwa za mara mojamoja hazikusaidia. Majaribio makubwa yaliyofuata yaliipunguza hata faida hiyo ndogo.