Walimu watatu, somo moja: kupanga utafiti wa somo

Utafiti wa somo ni desturi iliyoanzia Japani: walimu wanaandaa somo pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanatazama, kisha wanalirekebisha na kulifundisha tena. Watatu wanatosha, hasa shule ikiwa na mikondo miwili, maana mkondo wa pili ndio wa kujaribia marekebisho.

Anzeni na kosa la wanafunzi, si mada. Walimu watatu niliofanya nao kazi karibu na Arua, Uganda, walikuja na madaftari ya darasa la tano yenye kosa lilelile: 1/2 + 1/3 = 2/5. Mtoto kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Wakaandaa somo la dakika 40 la kuchora chapati, na kando ya kila swali wakaandika majibu waliyoyatarajia, ya makosa yakiwemo. Wengi huiruka safu hiyo, na bila yake mtazamaji hajui atafute nini.

Siku ya somo watazamaji hawakukaa nyuma. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 70, lakini kila mtazamaji alisimama kando ya dawati moja akafuatilia watoto watatu tu. Aliandika dakika, maneno ya mtoto na alichokifuta. Kumsahihisha mtoto ni mwiko, na hapo ndipo penye kazi: mwalimu akiona kosa mkono humwasha.

Daftari la mmoja lilisema: “Dakika ya 14. Msichana kachora chapati mbili, moja kubwa, moja ndogo. Ile ndogo kaigawa vipande vitatu visivyolingana. Kaandika 2/5, kautazama mchoro, kaendelea.”

Walikutana mchana uleule, aliyefundisha akatangulia kusema. Mwenzake akadai watoto hawakuelewa. Nikamwuliza: mtoto yupi, na alifanya nini? Wakarudi kwenye daftari, na chapati ndiyo iliyopatikana na hatia. Kuigawa duara mara tatu kwa mkono ni shida, na nusu ya chapati kubwa haijumlishiki na theluthi ya chapati ndogo.

Wakabadilisha mambo mawili. Chapati ikawa ukanda wa karatasi wa sentimita 12: nusu ni 6, theluthi ni 4, jumla 10, yaani 10/12, sawa na 5/6. Na kabla ya kukokotoa, mwalimu aulize: jibu litazidi nusu au litapungua? Mbili ya tano ya ukanda huo ni sentimita 4.8, fupi kuliko nusu tuliyoanza nayo.

Siku tatu baadaye mwalimu wa pili akaufundisha mkondo mwingine. Watoto ndio walioikataa 2/5, wakibishana na ukanda mkononi. Hao si wale watoto wa mkondo wa kwanza, kwa hiyo msifananishe alama za mikondo miwili. Tazameni kama kosa lilelile linazaliwa kwa njia ileile. Safari hii lilizuka jingine: walipopewa 1/4 + 1/5 walitafuta tena sentimita 12, na theluthi mbili za darasa zikakwama kwenye sentimita 2.4. Mzunguko uliofuata ulianzia hapo.