Daftari la kujisomea siyo la kuhesabu masaa

Nafundisha kemia tuisheni, na kila muhula nasikia sentensi ileile, "ticha jana nimesoma masaa matano". Nikimuuliza mtu sasa hivi unaweza swali gani ambalo juzi lilikushinda, kimya.

Hii dhana imenichosha jamani. Masaa yanaonyesha ulikaa kwenye kiti, hayaonyeshi kilichobaki kichwani, na ukirudia notsi zilezile mara nne unaona unazijua kumbe macho ndo yamezizoea. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima hili mwaka 2006: waliorudia kusoma waliongoza baada ya dakika 5, ila baada ya wiki waliojipima bila kuangalia ndo waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo daftarini andika maswali mangapi umejaribu kitabu kikiwa kimefungwa, umepata mangapi, na uliyokosa umekosa KWA NINI.

Chukua binti wa fom thrii aliyepata 38 testi ya kwanza. Swali la molariti, gramu 10.6 za Na₂CO₃ kwenye 250 cm³. Moli kapata 0.1, safi kabisa, halafu kagawa kwa 250 ikatoka 0.0004, wakati alitakiwa abadilishe kwanza iwe 0.25 dm³ apate 0.4. Daftarini kaandika "nimekosea hesabu", na ukifungua kurasa za nyuma kosa ni hilohilo wiki tatu mfululizo. Siyo hesabu, ni uniti! Tukaweka lengo la wiki: maswali 10 ya molariti, uniti ziandikwe kabla ya kugawa. Akaanza kwa kupata 4, wiki iliyofuata 7, kisha 9. Hayo ndo maendeleo, unayaona kwa macho.

Halafu kuna "lengo lazima liwe A". Kwa madaraja ya NECTA 38 ni D, C inaanzia 45 na A ni 75. Huyu nilimwambia midtemu alenge 45, mwisho wa muhula 55, na midtemu ikitoka tofauti tunapanga upya. Ukiandika A tu, Jumatatu jioni hujui ufungue topiki gani.

"Nimeruka wiki mbili daftari limeharibika." Halijaharibika, andika tarehe ya leo uanze na maswali uliyokosa mara ya mwisho. Usijaze za nyuma kwa kukisia, hapo ndo unaliharibu kweli.

Kupamba kwa peni za rangi? Biki moja inatosha.

Jumapili rudia yale uliyokosa tu. Swali ukilipata siku mbili tofauti bila kuangalia, likate. Likigoma wiki tatu mpelekee mwalimu ukurasa wenyewe wenye majibu yako yote ya makosa, usiende kumwambia "sielewi moli", maana hapo hata yeye hajui akuanzishie wapi.