Kumkumbuka mpenzi wa kwanza si ishara kwamba uliandikiwa yeye

"Kama bado unamkumbuka mpenzi wako wa kwanza, jua ndiye uliyeandikiwa. Uliye naye sasa anajaza pengo tu. Tuma kwa watu kumi."

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya Nairobi. Kumbukumbu yenyewe ni ya kweli. Kasoro iko kwenye tafsiri.

Kijana wa miaka 15 anapopenda, sehemu za ubongo zinazohusika na raha na hisia huwa zimechangamka mno, ilhali ile ya mbele, inayopima na kutuliza, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Tena hana penzi lingine la kulinganisha. Na jambo lililobeba hisia kali hushika zaidi kichwani.

Unaweza kujipimia. Muulize mtu wa miaka 55 pale Buruburu akutajie anayoyakumbuka waziwazi. Mara nyingi mengi yatatoka kati ya miaka 10 na 30 ya umri wake: nyimbo za kwenye matatu, mwalimu mkali wa hesabu, barua iliyonyunyiziwa marashi. Watafiti wa kumbukumbu wanaujua mwelekeo huu kwa miongo. Wala hakuna anayedai aliandikiwa yule mwalimu!

Kinachotuchanganya ni kwamba mpenzi wa zamani hazeeki kichwani, wala hamkuwahi kugombania kodi ya nyumba. Mwenzi wa leo hushindanishwa na picha hiyo. Ukiupata ujumbe huu, tafadhali usiusambaze. Kuna wanaousoma wakiwa wametoka kukosana nyumbani.