Karatasi ya getini: dhana potofu kuhusu nafasi za kazi viwandani Arusha

Nafasi nyingi za kazi za mikono katika viwanda vya Unga Limited, Themi na Njiro hazifiki mtandaoni kabisa. Kiwanda kinachotaka wafungashaji kumi waanze Jumatatu hakina haja ya maombi elfu mbili kutoka nchi nzima. Kinataka watu wanaokaa jirani, watakaofika kwenye zamu ya alfajiri hata kama daladala zimechelewa. Karatasi moja kwenye geti inakitosha. Tatizo ni kwamba wengi hupita mbele ya karatasi hiyo wakiwa na imani zinazowafanya wasiisome, au waisome vibaya.

Dhana: Kibao cha "Hakuna nafasi za kazi" kimemaliza maneno.

Angalia kimeandikwa juu ya kitu gani. Kama ni rangi juu ya bati, kilichorwa siku nyingi na kazi yake ni kupunguza msongamano getini. Hakuna anayekifuta kila mtu anapoacha kazi. Habari ya wiki hii iko kwenye karatasi: kwenye dirisha la mlinzi, kwenye ubao wenye kioo pembeni ya geti dogo la waenda kwa miguu, au ukutani ndani kidogo ya geti. Bati na karatasi vikipingana, fuata karatasi, ila hakikisha ina tarehe, jina la kiwanda na muhuri.

Dhana: Tangazo linaloanza na "Kwa wafanyakazi wote" halimhusu mtu wa nje.

Hapa ndipo watu hupoteza zaidi. Chukua karatasi inayosema kiwanda kinatafuta msimamizi wa zamu kutoka miongoni mwa waendesha mashine waliopo. Wewe huwezi kuomba cheo hicho. Lakini atakayepandishwa ataacha mashine yake, na mtu mwingine atahitajika hapo. Mara nyingi atakayechukuliwa kuendesha mashine ni mfungashaji aliyekwisha kuizoea, na nafasi inayobaki wazi mwishoni ni ile ya chini, ya ufungashaji au ya stoo. Hiyo ndiyo hutafutiwa mtu wa nje, na wakati mwingine hujazwa bila tangazo lolote, kwa barua zilizokwisha kupokelewa.

Kwa hiyo andika tarehe ya mwisho ya tangazo la ndani, kisha peleka barua yako ya kuomba ufungashaji wiki ileile inapofika. Ukiipeleka mapema mno itazama chini ya rundo. Ukisubiri sana utakuta mtu ameshawekwa.

Dhana: Ukiwahi saa kumi na mbili asubuhi utakuwa wa kwanza kuona tangazo.

Umati wa alfajiri ni wa vibarua wa siku, wanaochaguliwa hapohapo na kuingia. Matangazo ya ajira hupita ofisini kwanza: yanaandikwa, yanasainiwa, yanapigwa muhuri, kisha mtu anatumwa kuyabandika. Ndiyo maana karatasi mpya huonekana zaidi mchana kuliko alfajiri. Anayetafuta kibarua awahi. Anayetafuta tangazo apite kati ya saa nane na saa kumi alasiri, muda ambao mlinzi naye hana foleni na anaweza kukujibu vizuri.

Dhana: Kusoma tangazo ni kuangalia cheo na sifa tu.

Tuchukue mfano wa tangazo la aina inayobandikwa Themi:

> NAFASI ZA KAZI
> Mwendesha mashine ya kufungasha: nafasi 4
> Fundi umeme: nafasi 1. Awe na cheti cha VETA na uzoefu wa miaka 2.
> Wote wawe tayari kufanya kazi kwa zamu.
> Barua ya maombi, nakala za vyeti, namba ya NIDA na barua ya serikali ya mtaa ziletwe getini kabla ya Ijumaa, saa 10 jioni.

Waendesha mashine hawakudaiwa cheti cha fani. Maana yake kiwanda kiko tayari kuwafundisha, basi mwenye cheti cha kidato cha nne asijiondoe mwenyewe. Halafu tazama idadi. Mtu mmoja akihitajika, pengine kuna aliyeacha kazi. Wanne wa mashine ya aina moja pamoja na fundi umeme kwa mara moja huashiria mashine mpya au zamu iliyoongezwa, na mashine ikiongezeka, wapakiaji na wafagiaji nao huhitajika baadaye. Geti hilo lirudie wiki mbili au tatu zinazofuata.

"Kwa zamu" ina maana ya usiku pia. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ukiitwa kwenye usaili, uliza kama kiwango unachotajiwa kimejumuisha nyongeza hiyo.

Kinachowaangusha wengi katika tangazo kama hili ni barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji anaweza kuwa kwenye kikao siku nzima, na anayeifuata Ijumaa asubuhi hukosa. Ifuate siku ileile uliyosoma tangazo. Ukiwa ofisini hapo, soma na ubao wao: baadhi ya makandarasi na viwanda hupeleka nakala ya tangazo kwenye mtaa au kata ili kupata wakazi wa jirani.

Juu ya bahasha andika cheo kimoja tu unachoomba, kwa herufi kubwa. Bahasha hupangwa kwa vyeo kabla ya kufunguliwa, na ile iliyoandikwa "kazi yoyote" haina rundo la kuwekwa. Weka nakala, kamwe usiache vyeti halisi getini. Kama mlinzi ana daftari la kupokelea barua, omba jina lako liandikwe na uone tarehe.

Dhana: Mlinzi akipewa kitu kidogo, kazi imepatikana.

Soma nembo begani mwake. Walinzi wengi wa magetini ni waajiriwa wa kampuni ya ulinzi, wala hawamo kwenye orodha ya mshahara ya kiwanda. Hana uwezo wa kukuajiri, ila ana taarifa nzuri: nani anapokea barua, zinachukuliwa siku gani, na kama karatasi ile bado ni hai. Muulize hayo kwa heshima, na umwombe ruhusa kabla ya kupiga picha ya tangazo, kwa sababu viwanda vingi vinakataza kupiga picha getini.

Karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme ni jambo lingine. Zikiwa na namba ya simu tu bila jina la kiwanda, zikitaja mshahara mkubwa kwa kazi isiyo na sifa, kisha ukipiga ukaambiwa utume pesa ya fomu, sare au vipimo vya afya, achana nazo. Ikidaiwa kwamba kazi ni ya kiwanda fulani, nenda kwenye geti la kiwanda hicho uulize jina la anayepokea barua. Kama mlinzi hajawahi kusikia tangazo hilo na ubaoni halipo, usitume hata shilingi.